Uzi: Faili la mshirika kwenye SFTP linachukuliwa kabla halijaisha kupakiwa. Nyie mnajuaje kwamba limekamilika?

mlinganisha_hesabu

Wakuu, habari za kazi. Kuna jambo limeninyima usingizi wiki nzima, na ningependa kulielewa vizuri kabla sijagusa kitu.

Tunapokea faili la malipo kila siku kutoka kwa mshirika. Seva ya SFTP ni yake, Linux yenye OpenSSH. Mfumo wake wa ndani hupakia faili kwenye folda ya `out/` baada ya saa nane usiku. Kwangu kuna skripti inayoamshwa na `cron` kila baada ya dakika 5. Ikikuta faili jipya inalipakua, inalihamishia `archive/` kulekule kwa mshirika ili lisichukuliwe mara mbili, kisha inaandika jina lake kwenye orodha ya yaliyokwisha kuchukuliwa. Zaidi ya mwaka mzima haijasumbua.

Tarehe 1 Aprili 2025 asubuhi hesabu za jana yake zikagoma kulingana. Faili `MALIPO_20250331.csv` lililoko kwetu lina baiti 18,874,368. Ndani yake kuna mistari 157,288 iliyo kamili, na wa mwisho umekatika katikati ya namba ya simu. Nikaingia `archive/` kwa mshirika nikitegemea kukuta nusu hiyohiyo. Nimekuta faili zima: baiti 41,206,913, mistari 343,402. Ni faili ambalo skripti yangu yenyewe ndiyo iliyolihamisha. Imekuwaje mimi nina nusu na kule ni zima?

Logi yangu inasema kupakua kulianza 02:05:01, kukaisha 02:05:04, na kuhamisha kukafanyika sekunde hiyohiyo. Hakuna kosa lolote.

Asubuhi hiyo mshirika naye alituma barua pepe: upakiaji wao ulitoa kosa `[Errno 2] No such file`, mfumo ukarudia wenyewe, na mara ya pili ukafaulu. Kweli kwenye `out/` kuna nakala nyingine nzima, ila skripti yangu imeiruka kwa sababu jina tayari lipo kwenye orodha.

Hesabu za siku hiyo nimezirekebisha kwa mkono. Ninachotaka ni njia ya kujua kwamba faili limekamilika. Nimefikiria kuongeza `sleep 300` kabla ya kupakua, lakini moyo haujatulia.

fundi_mitambo

Mkuu, hilo lina dawa. Tumia `lsof`. Kabla ya kupakua angalia kama kuna programu bado imelishika hilo faili. Ikiwa ipo, subiri. Au weka `inotifywait` isubiri tukio la `close_write`, yaani faili likifungwa ndipo skripti iamke. Sisi tunatumia hivyo na hata `cron` hatuihitaji tena.

wa_ziwani

Pole sana ndugu. Hata mimi huku Mwanza intaneti ikiyumba faili hukatika njiani. Tumia `get -a` kwenye `sftp`, itaendelea kupakua kuanzia pale ilipoishia badala ya kuanza upya. Tangu nianze kuitumia sijapata faili nusu.

mlinganisha_hesabu

@wa_ziwani asante ndugu, ila kwangu muunganisho haukukatika. Kupakua kulifika mwisho salama, isipokuwa mwisho wenyewe ulikuwa bado unasogea.

@fundi_mitambo seva si yetu. Nina akaunti ya SFTP tu, nikijaribu kuingia kwa `ssh` inanikatalia. Hiyo `lsof` nitaiendesha wapi?

mama_seva

Mwanangu, umeleta maelezo kamili kiasi kwamba jibu limo ndani yake. Acha niyasome pamoja nawe, maana ukishaelewa kilichotokea usiku ule, hiyo `sleep 300` utaiacha mwenyewe.

Anza na ukubwa wa nusu yako. Gawanya 18,874,368 kwa 32,768: unapata 576 kamili, bila baki. Programu na maktaba nyingi za SFTP hutuma data kwa vipande vya baiti 32,768. Faili lililokatwa na hifadhidata wakati wa kutengenezwa lingeishia popote. Kuishia kwenye mpaka wa kipande ni dalili kubwa kwamba ulilisoma likiwa bado linaandikwa. Si kila mara utaiona dalili hii, kwa sababu OpenSSH mpya zikizungumza zenyewe kwa zenyewe hutumia vipande vikubwa zaidi. Ila ukiiona, iamini.

Sasa fumbo la faili zima kwenye `archive/`. Kwenye Linux, anayeandika faili akishalifungua halishikilii kwa jina lake. Analishikilia faili lenyewe kwenye diski. Wewe ulipolihamisha saa 02:05:04 ulibadilisha jina tu, na mkono wa aliyekuwa anaandika haukuachia. Aliendelea kumimina data ndani ya faili lilelile, sasa likiwa `archive/`, mpaka akamaliza. Nenda kaangalie muda wa mwisho wa kubadilishwa kwa faili la `archive/`. Nina hakika utakuta ni baada ya 02:05:04.

Barua pepe ya mshirika nayo inaingia hapohapo. Ujumbe wa `[Errno 2] No such file` unanuka Paramiko, ile maktaba ya Python. `put` yake ikimaliza kutuma huuliza seva ukubwa wa faili kwa jina la mwanzo, ilinganishe na iliyotuma. Jina halikuwepo, kwa sababu wewe ulikwisha lihamisha. Yeye akaamini ameshindwa, akarudia. Ile nakala ya pili uliyoiruka imezaliwa hivyo.

Shukuru ulihamisha hukufuta. Ungefuta, yeye angeendelea kuandika kwenye faili lisilo na jina, na angefunga tu data yote ingepotea kabisa.

mlinganisha_hesabu

Mama, nimeangalia. Muda wa faili la `archive/` ni 02:08:16. Na mshirika amethibitisha kwamba wanatumia Paramiko.

Nimeelewa pia kwa nini mwaka mzima kulikuwa kimya. Upakiaji wao huanza saa nane na dakika mbili hivi, na mtandao wao wa ndani ni wa polepole, kama kilobaiti 110 kwa sekunde. Faili la siku za kawaida halizidi megabaiti 15, kwa hiyo lilikuwa linamalizika sekunde chache tu kabla ya 02:05. Siku ile mwisho wa mwezi na Idi viliangukiana, faili likafika megabaiti 41. Mwaka mzima tumekuwa tukiponea sekunde.

fundi_mitambo

Nakubali kuhusu `lsof`, sikuona kwamba seva si yake. Lakini kwa mwenye seva yake, `close_write` bado ni jibu sahihi, au sivyo mama?

mama_seva

Ni sahihi nusu, kijana wangu. Tukio hilo linasema faili limefungwa. Halisemi limekamilika. Mtandao wa anayepakia ukikatika, `sshd` hufunga kikao, na kerneli hufunga faili lililokuwa wazi. Unapata `close_write` ileile kama ya aliyemaliza salama. Kwa hiyo inakuondolea kusubiri bure, lakini haikulindi na faili lililokatika.

Wanaotumia AWS Transfer Family juu ya S3 wanalijua hili. Kikao kikikatika faili likiwa wazi, kipande kilichofika kinaweza kubaki kwenye ndoo, na ndiyo maana huduma ile ina mtiririko wa kazi maalumu kwa faili lililopakiwa nusu, tofauti na ule wa faili kamili.

Nirudi kwenye `sleep 300`. Ingekuokoa siku ile, maana faili lilimalizika 02:08:16. Ila inategemea kasi ya mtandao wa mtu mwingine. Siku faili likifika megabaiti 80 kwa kasi hiyohiyo, upakiaji utachukua dakika 12, na utarudi palepale.

Anayejua kwamba faili limekwisha ni yule anayelituma. Wewe ukiwa nje unakisia tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumwomba mshirika akuambie, na njia nyepesi ni jina. Apakie kwa jina la muda, akimaliza alibadilishe:

```python
sftp.put(chanzo, "out/.MALIPO_20250331.csv.part")
sftp.posix_rename("out/.MALIPO_20250331.csv.part",
                  "out/MALIPO_20250331.csv")
```

Kubadilisha jina ndani ya diski moja hufanyika kwa mkupuo mmoja: jina jipya ama halipo, ama lipo na faili zima. Na kwa kuwa `put` hukagua ukubwa kabla ya kufika mstari wa pili, faili lililokatika halitapata jina la mwisho kamwe. Nimeandika `posix_rename` kwa makusudi, kwa sababu `rename` ya kawaida ya SFTP kwenye OpenSSH hukataa kama jina jipya tayari lipo, na siku ya kurudia kutuma mtakwama. Jina la muda nalo liwe kwenye folda hiyohiyo, au angalau diski hiyohiyo.

mwanabandari

Hapa Mombasa sisi tulifanyiwa hivyo na bado tukaumia, kwa hivyo niwape tahadhari. Wakala mmoja wa mizigo hutuma orodha za kontena kwa WinSCP. WinSCP yenyewe, kwa mipangilio ya kawaida, faili likizidi kilobaiti 100 huliandika kwanza kwa jina lenye `.filepart` mwishoni, kisha hulirudishia jina lake. Hivyo bila kumwomba mtu tulikuwa tumelindwa. Lakini skripti yetu ilikuwa inatafuta `ORODHA*`, na nyota hiyo ilimeza hata `ORODHA_0412.csv.filepart`. Tulipolihamisha, WinSCP ikakosa la kubadilisha jina, na yule wakala akatupigia simu kila asubuhi kwa siku tatu.

Tulibadilisha ruwaza ikawa jina lote, kuanzia herufi ya kwanza hadi `.csv` ya mwisho. Angalieni ruwaza zenu jamani.

mzee_wa_malipo

Mimi nimefanya kazi hii tangu enzi za FTP tupu, na jina la muda sikuliamini sana. Sisi tulidai faili la pili la uthibitisho. Linakuja `MALIPO_20250331.csv`, likimalizika linafuata `MALIPO_20250331.ok`. Ndani ya `.ok` kuna idadi ya mistari, jumla ya fedha na alama ya SHA-256. Hatugusi la kwanza mpaka la pili lionekane. Jina likibadilishwa linakuambia upakiaji umekwisha, lakini je, kama mfumo wa mshirika ulitengeneza faili nusu tangu mwanzo na kulipakia salama? Jina la mwisho litakuja, na ndani kuna nusu.

mama_seva

Shikamoo mzee. Hapo umenena, na nafikiri vyote viwili vina nafasi. Jina linazuia kuchukua mapema, hesabu za ndani zinazuia kuamini kilicho pungufu. Ila nimeona `.ok` ikiumiza watu kwa namna moja: mshirika anatuma tena faili lenye jina lilelile baada ya kurekebisha kosa, na `.ok` ya mwanzo bado ipo. Msomaji anaiona, anavuta faili jipya likiwa katikati ya kupakiwa.

mzee_wa_malipo

Marahaba. Ndiyo maana nimesema SHA-256 iwe ndani. Ukipakua na alama isilingane, tupa ulichopakua na ungoje zamu ijayo. `.ok` tupu, isiyo na kitu ndani, hata mimi siikubali.

mlinganisha_hesabu

Nimewaandikia mshirika kuomba jina la muda. Wamejibu vizuri, lakini mabadiliko yanapitia kamati yao na itachukua wiki kadhaa. Hizo wiki kadhaa nifanyeje?

mama_seva

Hapo ndipo tunapokisia, ila tukisie kwa uangalifu. Usilinganishe muda wa faili na saa ya mashine yako, maana saa ya seva yao inaweza kuwa mbele au nyuma, na zipo programu zinazolirudishia faili muda wake wa asili. Linganisha faili na lenyewe: ukubwa na muda uliouona zamu iliyopita dhidi ya unaouona sasa. Visipobadilika mara mbili mfululizo, lichukue.

```python
def tayari(sftp, njia, hali):
    a = sftp.stat(njia)
    sasa = (a.st_size, a.st_mtime)
    kabla, mara = hali.get(njia, (None, 0))
    mara = mara + 1 if kabla == sasa else 0
    hali[njia] = (sasa, mara)
    return a.st_size > 0 and mara >= 2
```

`hali` ihifadhi kwenye faili la JSON kati ya zamu moja na nyingine. Kwa zamu za dakika 5 ina maana faili litulie dakika 10 kabla hujaligusa. Na zamu mbili zisipishane, `flock` izuie:

```
*/5 2-6 * * * flock -n /tmp/chukua.lock /opt/chukua/chukua.py
```

Kisha panga upya hatua zako. Pakua kwa jina la muda upande wako pia, kwa sababu hata kwako kuna programu inayofuata na inaweza kulivuta likiwa nusu. Kagua kwamba mstari wa mwisho umefungwa na idadi ya safu ni ileile. Uliza seva ukubwa wa faili kwa mara nyingine, ufanane na ulichonacho. Hapo ndipo ulipe jina la kweli, na kulihamishia `archive/` kuwe hatua ya mwisho kabisa.

Kwenye orodha ya yaliyochukuliwa usiandike jina peke yake. Andika jina, ukubwa na SHA-256. Ungekuwa nazo, usiku ule nakala ya pili ingeonekana kuwa ni kitu kingine na ungepata kengele, badala ya kuiruka kimyakimya.

anayejifunza

Dada, samahani, mimi ni mwanafunzi, nimejaribu hii kwenye kompyuta yangu. Faili haliwi tayari hata nikiacha saa nzima. `mara` inabaki 0 kila zamu. Nimekosea wapi?

mama_seva

Hujakosea, mwanangu, kosa ni langu na asante kwa kulikamata. JSON haijui jozi za mabano ya duara. Ukihifadhi `(41206913, ...)` ikirudi inakuwa orodha `[41206913, ...]`, na Python inasema jozi na orodha si sawa hata kama namba ni zilezile. Badilisha mstari mmoja:

```python
    sasa = [a.st_size, a.st_mtime]
```

anayejifunza

Imekubali! Zamu ya tatu imesema tayari.

wa_ziwani

Nimefuatilia kimya, na sasa nimeona kwamba tatizo langu na la mwenye uzi ni mawili tofauti. Naomba kuuliza: hiyo `get -a` yangu inaweza kunidhuru?

mama_seva

Inaweza. Inaangalia ukubwa wa kipande ulicho nacho na kuendelea kuanzia hapo, bila kuthibitisha kwamba kipande hicho ni cha faili lilelile. Mshirika akilibadilisha faili kwa jina hilohilo, utapata kichwa cha la zamani na mkia wa jipya. Kwa megabaiti chache, anza upya tu. Kama faili ni kubwa na lazima uendelee, linganisha SHA-256 mwishoni.

mwanabandari

Dakika 10 za kungoja kwetu ni nyingi. Lori liko getini na dereva anasubiri orodha. Tukipunguza zamu ziwe kila dakika 1, utulivu unakuwa dakika 2. Je, ni salama?

mama_seva

Inategemea mtandao wa anayetuma hukwama kwa muda gani, kaka. Kikao cha SSH kinaweza kukaa kimya dakika kadhaa bila kukatika, kisha data ikaendelea. Katika ukimya huo ukubwa haubadiliki hata baiti moja, na mbinu hii itakuambia faili liko tayari. Dakika 2 zitadanganyika mara nyingi kuliko 10, na hata 10 siku moja zitadanganyika. Wewe mwenye `.filepart` huna sababu ya kungoja: lenye jina la mwisho lichukue papo hapo, kwa mafaili yaliyozidi kilobaiti 100. Yaliyo chini ya hapo WinSCP huyaandika moja kwa moja kwa jina lake, hayo yape zamu moja ya utulivu.

mlinganisha_hesabu

Nimeweka mabadiliko kwenye mashine ya majaribio nikaiga usiku ule. Nimetuma faili la megabaiti 41 kwa kasi iliyobanwa:

```
sftp -l 900 majaribio@seva-ya-majaribio
```

Hiyo 900 ni kilobiti kwa sekunde, karibu sawa na kasi ya mshirika. Skripti ya zamani ililinyakua nusu kama kawaida. Mpya iliona faili zamu ya kwanza ikaliacha, zamu ya pili ikaona limekua ikaliacha, ikalichukua baada ya kutulia zamu mbili. Kisha nikaua upakiaji katikati kwa `kill -9` nikaacha. Baada ya dakika 10 skripti ikalipakua lile nusu, ukaguzi wa mstari wa mwisho ukalikataa, halikuingia kwenye hesabu wala halikuhamishwa. Nimefarijika sana.

Limebaki moja. Siku isiyo na muamala mshirika hutuma faili lenye baiti 0, na ni halali. Lakini kila faili linaloanza kupakiwa nalo huonekana baiti 0 kwa muda mfupi. Sharti la `st_size > 0` linaniacha siku hizo nikingoja mpaka alfajiri.

mzee_wa_malipo

Kataa faili tupu. Waambie siku isiyo na muamala watume mstari wa vichwa na mstari wa mwisho wenye idadi 0. Sisi tuliliandika kwenye mkataba.

fundi_mitambo

Au mpaka hapo kamati itakapokubali, faili la baiti 0 lipe utulivu mrefu zaidi, tuseme zamu 6, halafu litume kengele kwa binadamu athibitishe badala ya kulipitisha lenyewe.

mlinganisha_hesabu

Nitaanza na hilo la zamu 6, na ombi la mzee nimeliongeza kwenye barua ya kamati pamoja na jina la muda. Wakijibu nitarudi kwenye uzi huuhuu.